Sentensi Zilizokuwa Zikirudisha Mashuka Yangu

Nauza mashuka kwa njia ya mtandao hapa Dar es Salaam. Mzigo naufuata Kariakoo, napiga picha, naandika maelezo, na bodaboda anampelekea mteja. Siku hizi mashuka yanayorudishwa ni machache kuliko zamani, ingawa kitambaa ni kilekile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni maneno ya kwenye tangazo. Natoa ushuhuda huu kwa wauzaji wenzangu, kwa maana najua inavyouma kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa mzigo ambao haukuuzika.

Mabadiliko yalianzia kwenye daftari. Zamani sababu ya kurudisha niliiandika kwa neno moja: saizi, rangi, au ubora. Neno moja halikunionyesha cha kurekebisha. Nikaanza kumwuliza kila anayerudisha, "Samahani dada, ulitarajia liweje?" Jibu niliandika kama alivyolitamka, na pembeni yake nikanakili sentensi ya tangazo iliyomfanya atarajie hivyo. Palipokosekana sentensi inayohusika, mfano shuka limechafuka njiani au nimepeleka rangi nyingine, rejesho hilo nililiweka kando. Hilo hutibiwa kwenye ufungaji wa mzigo.

Kisha nikahesabu, kwa kulinganisha marejesho na mauzo. Shuka lililorudi mara 8 katika mauzo 200 lina nafuu kuliko lililorudi mara 6 katika mauzo 40, kwani la kwanza ni asilimia 4 na la pili ni asilimia 15. Ukiangalia idadi ya marejesho peke yake, utahangaika na bidhaa inayouzika sana na kuiacha yenye tatizo.

Sentensi iliyoongoza kwa malalamiko ilikuwa hii: "Linatosha kitanda cha futi 6 kwa 6." Wengi waliorudisha kwa sababu yake walisema shuka halichomekeki, au linachomoka usiku. Nikachukua futikamba. Shuka lilikuwa na upana wa sentimita 230 na urefu wa 250. Godoro la futi 6 kwa 6 lina sentimita 183 kila upande. Likiwa na unene wa inchi 6, yaani kama sentimita 15, shuka hufunika 183 juu na 15 kila ubavu, jumla 213. Zinabaki 17, karibu 8 za kuchomeka kila upande. Lakini godoro la inchi 10 lina unene wa sentimita 25, na jumla inafika 233. Upana wa shuka umeshapungua sentimita 3 kabla hujachomeka chochote. Wateja walinunua kwa kipimo cha kitanda, kumbe kinachoamua ni unene wa godoro, na tangazo halikuutaja.

Nikaandika upya: "Upana sentimita 230, urefu 250. Linafaa godoro la futi 6 kwa 6 lenye unene usiozidi inchi 6. Kama godoro lako ni la inchi 8 au 10, chukua saizi ya 270 kwa 280." Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inampa mteja mahali pa kwenda badala ya kumfukuza.

Ya pili ilikuwa "Rangi haichuji," na malalamiko yalitoka kwa wanunuzi wa shuka la maruni. Nilifua mojawapo pamoja na kitambaa cheupe. Ufuaji wa kwanza kitambaa kiligeuka waridi, wa tatu kitambaa kingine kikabaki cheupe. Ilikuwa rangi ya ziada isiyoshika kwenye nyuzi. Nikaandika: "Maruni huchuja mara mbili za mwanzo. Lifue peke yake kwa maji ya baridi." Baadaye ukaja mzigo ulioendelea kuchuja hata baada ya kufuliwa mara mbili. Huo niliurudisha kwa msambazaji, kwani kasoro ya kitambaa haifichwi kwa sentensi.

Nabadilisha sentensi moja kwa wakati, na oda zilizotumwa kabla ya badiliko nazihesabu mbali na zilizotumwa baada yake, la sivyo sitajua ipi imesaidia. Mauzo pia nayatazama. Saizi ndogo ilipungua kuuzika na kubwa ikapanda, ndipo nikajua wateja wanasoma vipimo na kuchagua. Marejesho yakipungua huku mauzo yote yakianguka, maneno mapya yanawatisha watu tu.

Daftari hili haliwaoni wateja walioudhika wakanyamaza. Kwa hiyo wiki chache baada ya kuuza, nawauliza hata wasiorudisha: "Shuka linachomekeka vizuri? Lilipofuliwa lilikuwaje?" Majibu yao nayaandika palepale, pembeni ya sentensi inayohusika, na ikilalamikiwa tena naiandika upya.