Leo ya Seva, Leo ya Dukani

Natunza ripoti za mauzo za kampuni ya usambazaji yenye matawi katika mikoa kadhaa ya Tanzania. Ripoti inayosomwa kuliko zote ni fupi tu: kila tawi limeuza kiasi gani ndani ya siku 30 zilizopita. Wakubwa huitazama asubuhi kabla ya kikao, na watu wa ghala huitumia kuamua mzigo uelekezwe wapi. Nilipokabidhiwa, mstari wa kuchuja tarehe ulikuwa huu:

```sql
WHERE muda >= '2024-01-01'
```

Aliyeuandika hakukosea siku ile. Ilikuwa tarehe 31 Januari, siku 30 zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uanze, na mstari ulimpa alichokitaka. Lakini kesho yake ripoti ilijumlisha siku 31, keshokutwa 32, na kufikia tarehe 31 Machi ilikuwa na siku 90 chini ya kichwa kilekile cha habari: "Siku 30 zilizopita". Mauzo yakaonekana yanapanda kila kukicha, na hakuna meneja anayelalamika kwa sababu tawi lake linafanya vizuri.

Kama tarehe zote mbili, ya kuanzia na ya kumalizia, zingekuwa zimeandikwa mkononi, tarakimu zingeganda na mtu angeuliza ndani ya wiki. Kuandika moja tu ni kubaya zaidi, kwa sababu tarakimu inayotembea huaminiwa. Dalili ya kuitambua ni rahisi. Jumla ya siku 30 hupokea siku mpya na kutoa ya zamani kila asubuhi, kwa hiyo ni lazima ishuke mara mojamoja. Ukiona haijashuka hata siku moja kwa miezi miwili, iulize hifadhidata tarehe ya kwanza na ya mwisho ya rekodi ilizozihesabu.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni `muda >= now() - interval '30 days'`. Hapo tarehe inakokotolewa kila ripoti inapoendeshwa, na dirisha linasogea lenyewe. Hata hivyo `now()` inabeba saa pamoja na tarehe. Ukiiendesha saa kumi na moja alfajiri, dirisha linaanzia saa kumi na moja alfajiri ya siku 30 nyuma. Ukiirudia saa nane mchana, mauzo ya asubuhi ya siku ile ya kwanza yameshadondoka na ya leo asubuhi yameingia. Wakuu wawili wanafika kikaoni na ripoti moja yenye jumla mbili. Kwa anayehesabu hitilafu za mitambo mpaka dakika hii, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Duka linahesabu kwa siku nzima, kwa hiyo mimi hukata saa sita usiku na kuiacha leo nje, kwa kuwa bado haijaisha.

Chukua mfano wa ripoti ya tarehe 15 Machi 2024. Siku 30 nyuma ni tarehe 14 Februari, maana Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku 29. Tunachukua kila kilichouzwa kuanzia mwanzo wa 14 Februari, na kabla ya mwanzo wa 15 Machi: siku 16 za Februari, 14 za Machi, jumla 30. Neno "kabla" hapo lina kazi kubwa. Ukitumia `BETWEEN` yenye ncha 14 Februari na 14 Machi kwenye safu inayobeba tarehe na saa, hifadhidata inaisoma 14 Machi kuwa saa sita kamili usiku, na mauzo yote ya siku hiyo baada ya hapo yanabaki nje. Ukiisogeza ncha hadi 15 Machi, kwenye safu ya tarehe tupu unapata siku 31. Alama ya `<` inakuepusha na yote mawili.

Yote hayo hutatuliwa kwa kalamu na kalenda. Lililonisumbua zaidi ni swali la leo ni tarehe ngapi, na nani anayeamua. Seva yetu, kama nyingi za kukodi, inahesabu kwa saa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, Dar es Salaam ni tarehe mpya lakini kwa seva bado ni jana. Ripoti ilikuwa imepangiwa saa saba usiku. Saa saba ya usiku wa kuamkia 15 Machi, seva iliona saa 22:00 ya tarehe 14. `current_date` ikarudisha 14, na dirisha likafungwa kabla ya siku ambayo maduka yalikuwa yameimaliza jioni ile.

Mwenzangu mmoja alishauri tuisogeze hadi saa kumi alfajiri. Siku iliyopotea ilirudi kweli, ila kasoro yenyewe ilibaki imefichwa, kwa sababu mipaka ya siku ilikuwa bado inakatwa saa tisa usiku ya kwetu. Kwa duka linalofungwa saa mbili usiku hutaona lolote. Tawi lililo karibu na stendi ya mabasi huuza usiku kucha, na mhasibu wake ndiye aliyenipigia: "Kaka, mbona hesabu yenu ya kila siku hailingani na daftari langu, wakati ya mwezi inakaribiana?" Tofauti ya namna hiyo, ambapo kiasi kinahama kutoka siku moja kwenda ya jirani yake, karibu kila mara ni saa za eneo.

Katika PostgreSQL, na safu ya `muda` ikiwa ya aina ya `timestamptz`, sasa iko hivi:

```sql
WITH d AS (
  SELECT date_trunc('day',
    now() AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') AS leo
)
SELECT tawi, SUM(kiasi)
FROM mauzo, d
WHERE muda >= (leo - interval '30 days')
        AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'
  AND muda < leo AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'
GROUP BY tawi;
```

"Leo" inapatikana mahali pamoja tu, juu, na mipaka yote miwili inaitegemea hiyo. Faida yake ilionekana mkaguzi alipotaka ripoti kama ingekuwa imetolewa 15 Machi. Nilibadilisha mstari wa `leo` peke yake, nikaweka `timestamp '2024-03-15'`. Siku hizi programu inayoendesha ripoti inapokea tarehe hiyo kama kigezo, na isipopewa ndipo inatazama saa. Lakini haikuhakikishii tarakimu zilezile: risiti ya 13 Machi iliyochelewa kuingizwa hadi tarehe 20 itaonekana kwenye ripoti iliyorudiwa wakati ya awali haikuwa nayo. Anayetaka nakala isiyobadilika ahifadhi matokeo yenyewe.

Kuna jambo nililibishania na sikushinda. Siku 30 ni wiki nne na siku mbili, kwa hiyo dirisha moja huwa na Jumamosi tano na la siku chache baadaye lina nne. Matawi yetu huuza sana Jumamosi, na jumla inayumba bila biashara kubadilika. Siku 28 zingeondoa kuyumba huko, kwa sababu kila siku ya wiki ingeingia mara nne kamili. Wakubwa wamezoea thelathini, basi ikabaki thelathini. Nilichoruhusiwa ni kuchapisha chini ya kichwa tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, zikitoka kwenye mipaka ileile ya swali, pamoja na idadi ya Jumamosi zilizomo.