Simu Haikuwa kwa Mtoto

Niliandika kwenye kundi la harusi kwamba simu alikuwa nayo mtoto. Haikuwa kweli. Simu ilikuwa mkononi mwangu, dukani kwangu Uyole, saa saba mchana, na kila neno lililowafikia wale watu 214 lilikuwa langu.

Harusi ilikuwa ya mdogo wangu, Iringa mjini, mwezi wa saba. Sisi wa Mbeya, wa Makambako na wa Dar tulikuwa tukikutana kwenye kundi hilo tu. Kila mchana shemeji yangu, ambaye ndiye mweka hazina, alibandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Waliowahi kukaa kwenye kamati za harusi wanaijua orodha ile. Haimtukani mtu, ila inamsimamisha mbele ya ukoo kila siku na deni lake. Siku hiyo nikaliona jina la shangazi yetu wa Ifunda: ahadi 200,000, amelipa 20,000. Nikataka kumwambia shemeji peke yake. Niliandika hivi: “Shangazi kaahidi laki mbili katoa elfu ishirini, na vikaoni ndiye msemaji mkuu. Asiandikiwe kadi ya dabo.”

Ukiushikilia ujumbe wa mtu kwenye kundi, nukta tatu za pembeni juu zinakupa “Reply privately”, nawe unahamia kwenye mazungumzo yenu wawili. Ukiuvuta tu kwa kidole kuelekea kulia, unajibu palepale mbele ya wote. Kwa haraka njia hizo mbili zinafanana, maana ujumbe wa yule unayemjibu unakaa juu ya sehemu ya kuandikia vilevile. Tofauti ni jina lililo juu kabisa ya skrini. Nilikuwa namhudumia mteja wa mchele, sikulitazama.

Nilipoliona jina la kundi, mikono ilianza kutetemeka, na hapo nikafanya kosa la pili. Nilitaka “Delete for everyone”, nikagusa “Delete for me”. Ujumbe ukatoweka kwangu, ukabaki kwa wengine wote. Kwa sekunde 5 hivi WhatsApp inakuonyesha neno “Undo” chini ya skrini ili uurudishe, lakini mimi nilikuwa nimeshaiweka simu mezani, nikapumua nikidhani nimepona. Kuanzia hapo sikuwa na uwezo wa kuufuta, wala wa kutazama nani kausoma na nani bado, kwa sababu taarifa hizo zinafunguliwa kwenye ujumbe wenyewe, nao kwenye simu yangu haukuwepo tena.

Dada yangu akanipigia kutoka Iringa. Hakunisema. Alisema, “Ujumbe wako uko kwenye kundi, wote tunauona. Mpigie admini aufute, mimi nakata.” Simu ile haikufika dakika moja, na mpaka leo sijaona njia bora ya kumsaidia aliyeteleza namna hii. Kwanza, mwenyewe huenda hajui. Pili, mtu anayejua anahitaji kuambiwa la kufanya, kisha aachwe alifanye. Tangu 2022 admini wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwenye simu za wote, hata kama mwandishi ameshindwa. Nikampigia, akaufuta. Zilikuwa zimepita dakika kama ishirini.

Shangazi huwasha data jioni tu, akishatoka shambani. Admini alijua hivyo, nami nilijua. Aliyekuwa nje ya mtandao muda wote ule angekuta kimstari kwamba admini amefuta ujumbe, basi. Kwa hiyo bado palikuwa na nafasi asiyasome maneno yangu kabisa.

Nafasi hiyo iliondoka kwa sababu ya mtu mwema. Binamu yetu mmoja, aliyetaka kunistua, alikuwa ameujibu ujumbe wangu pale pale kwenye kundi: “Dada, umekosea kundi.” Ujumbe ukijibiwa hivyo, nakala yake inaganda juu ya jibu, na ule wa awali ukifutwa nakala haiondoki nao. Kwa ujumbe mrefu ingeonekana mistari michache ya mwanzo. Wangu ulikuwa mfupi, ukaonekana wote, na jina langu juu yake. Mchana ule hakuna aliyemwambia binamu afute jibu lake, kwa kuwa wote tulikuwa tunautafuta ujumbe wangu, si wake. Ndiyo maana nawaomba walio kwenye makundi kama letu: ukiona mtu amekosea, usiujibu ujumbe wake pale, hata kwa nia njema. Mfuate pembeni.

Wapo walioweka vikatuni vya kucheka. Yupo aliyemwaga picha za ukumbi na mapambo, kumi na kitu mfululizo, ili maneno yangu yapande juu yasionekane. Namshukuru, alinisitiri mbele ya waliokuwa wanapitapita tu, ingawa mtu aliyetajwa huwa anapanda kusoma mpaka juu. Shemeji hakuandika neno. Kesho yake alibandika orodha kwa kupanga majina kwa alfabeti, bila safu ya kilichobaki, na hakueleza kwa nini. Nilipoiona nililia.

Katikati ya hayo ndipo nilipoandika kuhusu mtoto na simu. Nilitaka kujisitiri, lakini fikiria uongo ule uliwafanya nini wengine. Mtoto gani anajua ahadi ya shangazi na alicholipa? Wote walijua si kweli, na wote wakalazimika kunijibu “pole”, “hamna shida”. Niliwashirikisha wazee wangu kwenye uongo. Kama ningeandika “Nimekosea, maneno ni yangu, nitamtafuta shangazi mwenyewe”, wangebaki na kazi moja tu, kunyamaza.

Shangazi alisoma jioni ile. Alfajiri aliandika kama kila siku, “Kamwene wanyalukolo,” watu wakamwitikia, hakugusa jambo. Siku ya tatu orodha ilionyesha amelipa zote 200,000. Nikafurahi. Nasema hili kwa aibu: nilidhani yameisha vizuri.

Nilipanda basi wiki ile ile, nikashuka Ifunda. Nilimpigia magoti, nikamwambia kwamba nilikusudia kuandika vile, kwamba mtoto hakuwa na simu, na kwamba nilichokosea ni kundi tu. Akasema, “Hilo la mtoto ndilo lililoniuma. La deni ni kweli.” Kisha tukala kande, akaniuliza habari za duka. Nilipotoka uani ndipo nilipoona pale palipokuwa na magunia. Mahindi ndiyo yalikuwa yanavunwa, bei iko chini, na wenye uwezo wa kungoja huyaweka mpaka mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza. Yeye alikuwa ameuza magunia matatu kwa mchuuzi aliyepita na gari, kwa bei ya siku hiyo, ili jina lake litoke kwenye deni.

Nilitaka kumrudishia hela, akakataa. Aliniambia nisirudie kulisema jambo hilo mbele ya mdogo wangu, maana harusi ni yake. Binamu alikuwa ameshafuta jibu lake usiku wa siku ile niliyokosea, nilipomwomba. Harusini shangazi alikuja na jirani yake, kwa kadi ya dabo ambayo shemeji alikuwa ameiandika siku nyingi kabla sijaandika neno.