Saa Kumi Jioni

Ukitaka kujua msichana anakaribia kuacha mpira, angalia njumu zake. Kwanza atachelewa mazoezi wiki moja, mbili. Halafu utaziona njumu zake miguuni mwa mwingine. "Nimemwazima tu, kocha." Hapo jua ameshaondoka, bado tu hajakuambia.

Winga wetu wa kushoto aliondoka hivyo Septemba 2024, akiwa kidato cha tatu kwenye shule ya kutwa hapa Machakos. Nilikuwa nafundisha wasichana kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Mutituni, siku tatu kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Nilidhani ni mvulana, ama ni masomo. Sisi makocha tunazipenda hizo sababu mbili kwa sababu hazituhusu.

Nikaenda kwao. Mamake alinipa chai, akangoja ninywe kidogo, kisha akauliza, "Sasa huu mpira utampeleka wapi, mwalimu?"

Nilikuwa nimejipanga. Nikamweleza habari za Junior Starlets: wasichana wa chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufuzu Kombe la Dunia, na mwezi ujao wangekuwa Jamhuri ya Dominika.

"Hao wanaoenda ni wangapi?"

"Ishirini na kitu, mama."

"Na wangu akikosa kuwa mmoja wao?"

Nikarudi kwenye chai.

Kisha akanihesabia jioni yake. Shule inaachilia watoto saa kumi. Septemba huku kwetu ni kavu, kwa hivyo kwenye kioski cha maji kuna foleni, na nyumba inahitaji mitungi minne, yaani safari mbili. Baada ya maji kuna jikoni. Akimaliza kuosha vyombo ni saa mbili usiku, na hajafungua kitabu. Nikauliza kuhusu kakake, ambaye pia hucheza. "Huyo hurudi giza likiingia," akasema, akanyamaza kidogo. "Hakuna anayemuuliza." Sikuongeza neno, maana nilikuwa mgeni.

Kumbe hakuna mtu aliyeuchukia mpira pale. Saa kumi ni saa ya maji, basi.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikihesabu mwenyewe nikitembea kurudi. Michezo ya shule ya kandanda hufanyika muhula wa pili. Timu ya shule yao ilicheza mechi mbili ngazi ya kaunti ndogo, ikapigwa zote, ikarudi nyumbani. Muhula wa tatu ni wa mitihani. Mechi nyingine ingekuja mwaka ujao. Wavulana wakitolewa shuleni wana timu za mtaani na vikombe vya wikendi. Wasichana wa umri wake, timu iliyokuwa karibu ilihitaji nauli ya matatu kwenda na kurudi. Kwa hivyo mimi nilikuwa naiomba familia masaa sita ya maji kila wiki, kwa ajili ya mechi ambazo hazipo. Hata mimi ningekataa.

Tulibadilisha ratiba. Mazoezi makubwa yakawa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili na nusu, kabla ya nguo na soko. Katikati ya wiki tukabaki na Jumatano peke yake, saa moja tu. Pumzi zilishuka, sitadanganya. Na kipa wetu ni Msabato, Jumamosi ni ibada. Tulimpoteza, na mpaka leo sijapata dawa ya hilo.

Suala la mechi lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu huwezi kuunda wapinzani kutoka hewani. Tulikuwa wasichana 24. Tukajigawa timu tatu za wanane, saba uwanjani, mmoja nje. Timu mbili zikicheza, ya tatu inapuliza kipenga, inashika saa na kuandika matokeo. Hilo la wasichana kuendesha ligi wenyewe nililiiga Kilifi, kwa Moving the Goalposts, ambao wako kwa hii kazi tangu 2001. Mechi ni dakika 20, kila timu inacheza mbili kila Jumamosi. Mechi mbili, hesabu ile ile ya mwaka mzima shuleni.

Wazazi nao tukawapa ratiba ya muhula kwenye karatasi, na wiki mbili kabla ya mitihani zimekatwa kabisa. Wiki hizo zilipofika, tulifunga kweli. Kuna wasichana walikuja wakakuta nimeondoa nyavu, wakanikasirikia. Lakini baba mmoja, ambaye hajawahi hata kunisalimia, alinipigia simu kuuliza mazoezi yanarudi lini.

Winga alirudi Januari, sasa kidato cha nne. Jumatano haji, na hatukumdai. Jumamosi huondoka saa mbili na robo, kabla hatujamaliza, akawahi soko na mamake.

Njumu hakuomba arudishiwe. Yule aliyeazimwa hana nyingine, na miguu yao inalingana, kwa hivyo nimewaweka timu moja. Mmoja anacheza kipindi cha kwanza. Kipenga kikilia wanakaa chini kando ya mstari, wanafungua kamba haraka haraka, na sisi wengine tunangoja.