Mradi wa maneno ya wavuvi mbele ya juri

Wengi wetu, tunapoandika mradi wa utafiti ili kuomba fedha, tunaweka nguvu yote katika kueleza kwa nini lugha fulani inastahili kuchunguzwa. Nionavyo mimi, juri husikiliza jambo hilo kwa dakika mbili, kisha hufungua ukurasa wa kalenda. Wanataka kujua kama kazi inawezekana, itaisha lini, na siku ikiisha nani atakuwa ameshika nini mkononi. Mwaka jana nilisimama mbele ya watu watano kujibu maswali hayo. Niliomba fedha za kurekodi maneno ya wavuvi wa Kasenga, kwenye mto Luapula, katika Kibemba chao.

Kasenga ndiyo iliyolisha Elisabethville samaki wakati wa ukoloni, na wafanyabiashara Wagiriki walikuwa na mkono mkubwa katika biashara hiyo. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu, ambaye hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga mayai. Alivuliwa mno katika safari hiyo hiyo ya kutaga, na kufikia katikati ya karne iliyopita wingi wake ulikuwa umeporomoka. Siku hizi kwenye ziwa Mweru watu huvua sana chisense, kisamaki kidogo kama dagaa, usiku kwa taa. Nyavu zimebadilika, na maneno yamebadilika pamoja nazo. Nilipokwenda mara ya kwanza kusalimia, nilipata wazee wawili tu waliovua mpumbu na baba zao na walioweza kutaja sehemu za ule wavu wa zamani moja baada ya nyingine. Mmoja wao alikuwa akikohoa sana.

Sasa hesabu. Mradi wa wanafunzi wa lugha mara nyingi huahidi saa 40 za sauti, kwa sababu kurekodi ni rahisi: unaweka mashine mezani, mzee anasema. Kazi huja baadaye, unapoandika kila neno lililosemwa, kulitafsiri, na kurudi kwa msemaji kumwuliza pale usiposikia vizuri. Kabla ya kuandika bajeti nilichukua dakika 10 za mazungumzo ya mzee mmoja, nikazifanyia kazi hiyo yote mpaka mwisho, saa ikiwa mezani. Zilinichukua saa 7. Maana yake saa 1 ya sauti inakula saa 42 za kazi.

Kwa kipimo hicho, saa 40 za sauti zingetaka saa 1680. Masikio hayawezi kuvumilia zaidi ya saa 4 kwa siku, na hata yangeweza, umeme wa kwetu haungekubali. Basi hizo ni siku 420 za kazi, na fedha zilikuwa za mwaka mmoja tu. Niliomba saa 12 za sauti: saa 504 za kazi, siku 126, yaani wiki 25 nikifanya kazi siku tano kwa wiki. Ilibaki nusu ya mwaka kwa safari, ugonjwa na kuandika.

Hesabu hii niliiweka kwenye karatasi moja na kumpa kila mjumbe nakala yake. (Projekta ilizimika umeme ulipokatika, lakini sikuwa nimeitegemea.) Profesa aliyekaa katikati alikuwa na dosie nyingine mbele yake, na nilimwona akizichungulia kutafuta kama wenzangu nao walikuwa na namba ya namna hiyo. Akaniuliza, « Hizi saa 7 ulizitoa wapi? » Nikamwambia, « Papa Profesa, ni zangu, nilizipima mwenyewe. Daftari ninalo hapa. » Alilifungua, akasoma mistari michache, akanirudishia. Swali la uwezekano wa kazi halikurudi tena.

Kalenda ndiyo iliyonitoa jasho. Uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa kwetu, na kadiri mvua zinavyoendelea, Luapula hufurika na njia za kwenda kambi za wavuvi huingia maji. Wakati wa kiangazi njia ni nzuri na nyavu ziko majini, lakini mvuvi aliyekesha na taa hulala mchana, na jioni anatayarisha mtumbwi. Unaweza kutazama kazi yake. Kuzungumza naye hupati nafasi. Uvuvi ukifungwa, hukaa nyumbani akishona nyavu, na mtu anayeshona wavu hutaja kila kamba bila kuulizwa.

Kwa hiyo niliweka safari mbili. Ya kwanza wiki mbili katika Septemba, kutazama na kupiga picha za vyombo vikiwa kazini. Ya pili ningefika mwisho wa Novemba, kabla ya njia kuharibika, nikae wiki nne mfululizo bila kurudi Lubumbashi, nikiwa na zile picha mkononi ili wazee wazitaje kimoja kimoja. Mama mmoja wa juri, mtu wa hesabu za fedha, aliona kwamba safari moja ingepunguza gharama. Nilimjibu, « Mama, tukiondoa ya Septemba, nitakuwa na majina ya vitu nisivyoviona. Tukiondoa ya Desemba, nitakuwa na picha zisizo na majina. » Akaandika kitu, hakusema zaidi.

Kuhusu faida, mjumbe mwingine alinivuta niahidi vitabu vya shule. Hapo ndipo watu wengi huteleza, maana ahadi kubwa husikika vizuri. Lakini Kibemba si mojawapo ya lugha nne za taifa, na katika Katanga lugha ya Kikongo wala Ciluba wala Lingala haishiki nafasi ya madarasa ya chini, ni Kiswahili. Kitabu cha Kibemba kisingeingia kwenye programu. Nilichoahidi ni kijitabu cha maneno karibu 400, Kibemba na Kiswahili, pamoja na michoro ya nyavu, nakala 100 za fotokopi, nyingi zikibaki Kasenga kwa wavuvi wenyewe. Sauti zote zingewekwa kwenye maktaba ya kitivo, na kila familia ya msemaji ipate kadi yenye sauti ya mzee wao. Mwisho wa mwaka juri lingeweza kuhesabu nakala na kadi. Mjumbe yule alisema ni kidogo. Nilikubali kwamba ni kidogo, nikamwomba anionyeshe katika karatasi yangu mahali ambapo siku nyingine zingetoka.

Walitoa theluthi mbili ya nilichoomba, wakaniuliza palepale nitakata nini. Nilikata sauti: saa 8 badala ya 12, yaani saa 336 za kazi, siku 84. Safari zote mbili zilibaki, ya Desemba ikapunguzwa wiki moja. Wale wazee wawili niliwaweka wiki ya kwanza ya safari ya Septemba, nje ya mpango wa picha, na wa kwanza katika orodha ni yule anayekohoa. Fedha za kwanza zilitoka mwezi wa 8, na tarehe 3 Septemba nilikuwa kwenye gari la Kasenga na betri nne zilizojaa.