Als, wenn na wann: maneno matatu ya Kijerumani yanayomsumbua Mkongomani

Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa anafika Ujerumani na neno moja la kutaja wakati: quand. Kwa neno hilo anauliza mtu anakuja siku gani, anaeleza jambo lililompata mara moja, na anasimulia mambo yaliyokuwa yakirudia kila mwaka. Wajerumani wanaigawa kazi hiyo kwa maneno matatu: als, wenn na wann. Anayeyachanganya anaeleweka mara nyingi, lakini kuna siku neno moja linaweza kubadilisha habari yote.

Mama mmoja kutoka Kivu ya Kusini, anayeishi na watoto wake katika mji wa magharibi mwa Ujerumani, aliliona hilo kwa daktari wa watoto. Alikuwa amempeleka kijana wake wa miaka minne, mwenye homa. Alitaka kusema kwamba zamani, mtoto akiwa na miaka miwili, homa ilimpanda akapatwa na degedege. Jambo hilo lilitokea mara moja tu. Yeye akasema: „Wenn mein Sohn Fieber hatte, hatte er einen Krampfanfall.“

Daktari aliacha kuandika, akamtazama. Kwa sikio la Mjerumani, mama alikuwa amesema: „Kila mara mtoto wangu alipokuwa na homa, alipata degedege.“ Degedege ya mara moja na degedege ya kila homa si habari moja kwa daktari. Akauliza: „Wie oft?“, yaani mara ngapi. Mama akainua kidole kimoja. Daktari akauliza tena: „Wann war das?“, ilikuwa lini? Mama akataja mwaka. Ndipo daktari akarudia sentensi kwa upole, akibadilisha neno moja tu: „Als Ihr Sohn Fieber hatte.“

Jioni ile mama aliketi na daftari lake la masomo. Hakuanza na Kifaransa, kwa sababu quand ndiyo iliyomwingiza katika shida. Alianza na Kiswahili, na hapo mambo yakafunguka.

Als ni ya jambo la zamani lililotokea mara moja. Katika Kiswahili cha vitabu ni „nilipofika“, „mtoto alipougua“, wengi wa Kongo wanasema „wakati nilifika“, „wakati mtoto aligonjwa“. Kwa hiyo „Als ich nach Deutschland kam, war es kalt“ ni „Nilipofika Ujerumani, kulikuwa baridi“. Alifika mara moja, basi ni als. Mwalimu wake aliongeza jambo ambalo wengi wanalikosea: kipindi kirefu nacho ni mara moja, kama kilikuwa kimoja na kimekwisha. Utoto wa mtu unachukua miaka mingi, lakini mtu ana utoto mmoja. Ndiyo maana inasemwa „Als ich Kind war“, si „Wenn ich Kind war“.

Wenn ina kazi mbili. Ya kwanza ni mambo ya zamani yaliyokuwa yakirudia. Kipimo chake ni neno „kila“. Ukiweza kuweka „kila mara“ mbele ya sentensi na habari ikabaki ya kweli, sema wenn. Kazi ya pili ni mambo ya sasa na ya kesho, hata kama yatatokea mara moja tu. „Wenn ich nach Hause komme, koche ich“ ni „Nikifika nyumbani, ninapika“. Als haitumiwi kwa jambo la kesho.

Mama akaandika sentensi moja yenye maneno yote mawili, kutoka maisha yake mwenyewe: „Als wir im Lager wohnten, lief Wasser ins Zelt, wenn es regnete.“ Tulipokuwa tunaishi kambini, maji yalikuwa yanaingia hemani kila mvua iliponyesha. Kuishi kambini kulikuwa kipindi kimoja kilichokwisha, kwa hiyo als. Mvua zilikuwa nyingi, kwa hiyo wenn. Yote ni ya zamani, lakini kinachochagua neno ni hesabu: mara moja au mara nyingi.

Sentensi hiyo inaonyesha pia jambo la mpangilio. Baada ya als au wenn, kitendo kinakwenda mwisho wa sehemu yake: „wohnten“, „regnete“. Na sehemu hiyo ikitangulia, sehemu ya pili inaanza na kitendo: „lief Wasser“, si „Wasser lief“.

Wann ni „lini“, „siku gani“, „saa ngapi“. Ni neno la kuulizia. „Wann kommt der Bus?“ inaeleweka haraka. Ugumu unakuja pale swali linapojificha ndani ya sentensi: „Ich weiß nicht, wann der Bus kommt“, sijui basi linakuja saa ngapi. Hakuna alama ya kuuliza, lakini swali limo, na kitendo nacho kinakwenda mwisho. Wengi wanasema hapo wenn, na wanakosea. Kipimo ni kutafsiri kwa „lini“ au „saa ngapi“. Likikaa vizuri, ni wann.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mtu akiambiwa „Sag mir, wann du ankommst“, anaombwa kutaja saa ya kufika, na anaweza kujibu papo hapo: saa kumi. Akiambiwa „Ruf mich an, wenn du ankommst“, anaombwa kupiga simu akiisha kufika. Asiyesikia tofauti anaweza kutaja saa na kuona amemaliza, huku mwenzake akingoja simu usiku kucha.

Kuna mahali wenn yenyewe haisemi kila kitu. Kama „-ki-“ ya Kiswahili, inabeba wakati na sharti pamoja. „Wenn er kommt, essen wir“ inaweza kuwa „atakapokuja, tutakula“, au „kama akija, tutakula“. Anayetaka kuonyesha kwamba hana hakika anatumia falls. Anayetaka kusema „mara tu“ anatumia sobald. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, maana „akija“ yake imefanya kazi hizo mbili tangu utotoni.

Siku nyingine mwalimu aliwaomba wanafunzi watunge sentensi za wenn kwa mambo yajayo. Mama akaandika: „Wenn der Krieg vorbei ist, gehen wir nach Hause.“ Vita vikiisha, tutarudi nyumbani. Jirani yake akamuuliza kama alitaka kusema „vitakapoisha“ au „kama vikiisha“. Alifikiri kidogo, akaiacha ilivyo, kwa sababu zote mbili zilikuwa kweli. Chini yake akaongeza sentensi ya wann, na mwalimu hakupata cha kusahihisha: „Niemand weiß, wann der Krieg vorbei ist.“ Hakuna anayejua vita vitaisha lini.