Binti Niliyempa Asilimia 80

"Mwalimu, kwani mimi naacha shule lini?"

Aliyeniuliza hivyo ni binti wa Kidato cha Pili, akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, wiki ya tano ya mazoezi yangu ya kufundisha. Hakuwa anatania. Asubuhi ile baba yake alikuwa ameitwa shuleni, akaambiwa mbele ya walimu wawili kwamba kompyuta imeonyesha binti yake ataacha shule kwa asilimia 80. Kompyuta yenyewe ni laptopu yangu. Hesabu nilipiga mimi. Na ile 80 haikuwa sahihi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana najua wapo wenzangu humu chuoni ambao mwaka huu watafanya mradi kama wangu, na shimo nililotumbukia liko njiani kwao.

Nasoma ualimu wa Hisabati. Mkuu wa shule niliyopangiwa aliniruhusu kutumia rejesta za miaka sita, wanafunzi 1,200 kwa jumla. Kwa kila mmoja niliandika umbali wa nyumbani, siku za utoro, wastani wa alama, deni la mchango wa chakula, na kama anaishi na mzazi au na mtu mwingine. Kati yao, 60 waliacha shule kabla ya kumaliza Kidato cha Pili. Nia yangu ilikuwa kuifundisha modeli itambue dalili mapema, ili mwalimu wa malezi awatembelee watoto nyumbani kabla mambo hayajaharibika.

Nikaweka kando wanafunzi 240 wa kuijaribia modeli, 12 kati yao wakiwa walioacha. Waliobaki, 960, ndio wa kujifunzia. Jaribio la kwanza likaleta usahihi wa asilimia 95. Nilijiona mkali, mpaka nilipotazama majibu yenyewe: modeli ilikuwa imesema wanafunzi wote 240 watabaki shuleni. Ikawapatia 228 waliobaki kweli, ikawakosa wote 12 niliokuwa nawatafuta. Yaani hata jiwe lingepata 95 hiyo. Kundi moja likiwa kubwa mara 19 kuliko jingine, modeli hugundua kwamba njia rahisi ya kukosea kidogo ni kulisahau kundi dogo.

Dawa ya kwanza niliyoisikia ni kusawazisha makundi. Unaweza kuwapunguza wengi au kuwaongeza wachache. Nikaanza na kupunguza: kati ya wanafunzi 912 waliobaki shule kwenye data ya kujifunzia, nikachagua 48 kwa bahati nasibu, walingane na 48 walioacha. Nikawa nimetupa watoto 864. Modeli ikaamka kweli, ikawakamata 9 kati ya wale 12. Lakini ilitaja majina 70 ili kuwapata hao 9, na mwalimu wa malezi hana miguu ya kufika nyumba 70. Kibaya zaidi, nilipochagua wale 48 upya, orodha ilibadilika. Mtoto aliyekuwa hatarini Jumatatu alikuwa salama Jumanne, na yeye mwenyewe hajafanya lolote. Kama una safu laki tano za miamala ya benki, ukitupa nyingi bado unabaki na za kutosha. Mimi nilibaki na watoto 96 tu.

Nikageukia kuongeza. Nikachukua wale 60 walioacha, nikawarudufu kila mmoja mara 19 mpaka wakafika 1,140, sawa na waliobaki. Halafu ndipo nikagawa upya data ya kujifunzia na ya kujaribia. Nikatumia modeli ya miti mingi ya maamuzi, ikawakamata walioacha kwa asilimia 98. Basi bwana, usiku ule nilinunua soda ya kujipongeza.

Msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Ulirudufu kabla ya kugawa au baada ya kugawa?"

Nikasema kabla. Akanyamaza, nami nikaanza kuelewa. Mtoto mwenye nakala 19 akigawanywa kwa bahati nasibu, baadhi ya nakala zake zinaangukia upande wa kujifunzia na nyingine upande wa kujaribia. Modeli ilikuwa inafanyishwa mtihani ambao majibu yake ilishayaona. Sisi walimu watarajiwa tunaijua hiyo: ni kuvuja kwa mtihani. Nikarudia kwa utaratibu: kwanza gawa, kisha rudufu upande wa kujifunzia peke yake, upande wa kujaribia usiguswe. Asilimia 98 ikayeyuka. Modeli ikawakamata 5 kati ya 12. Kwa hiyo ukiona alama imepanda ghafla baada ya kusawazisha data, usishangilie kwanza. Rudi utazame mpangilio wa hatua zako.

Tena hata nikifuata utaratibu, nakala haziongezi habari mpya. Mtoto mmoja aliyeacha kwa sababu ya ajabu anageuka watoto 19 wenye sababu hiyo hiyo, na modeli inamkariri.

Hapo ndipo nikafika kwenye SMOTE, njia iliyotangazwa mwaka 2002, ambayo haitoi nakala bali inabuni mifano. Inamchukua mtoto mmoja aliyeacha, inatafuta walioacha wengine watano wanaofanana naye zaidi, inachagua mmoja wao, kisha inaweka mtoto wa kubuni mahali fulani kati yao. Kwenye karatasi inapendeza. Ila nilifungua faili nione watoto hao wa kubuni wakoje, na hilo nawashauri mlifanye.

Wa kwanza niliyemkuta alikuwa anaishi na mzazi kwa kiasi cha 0.5. Nusu yatima! Safu hiyo ni ya ndiyo au hapana, lakini SMOTE ya kawaida huichukulia kama kilomita. Ipo aina nyingine, SMOTENC, inayozitenga safu za namna hiyo. Kosa la pili lilikuwa kwenye kufanana kwenyewe: deni la chakula lilikuwa katika maelfu ya shilingi na umbali katika kilomita chache, hivyo "wanaofanana" walikuwa wenye madeni yanayokaribiana, basi. Lazima vipimo viletwe kwenye mizani moja kwanza.

La tatu halina tiba ya haraka. Shuleni pale walioacha walikuwa wa namna mbili. Kuna waliokaa kilomita 9, hawakosi darasani, mpaka siku safari ikawashinda. Na kuna waliokaa kilomita 1, lakini siku za mnada huwaoni, muhula mzima wamekosa siku 30. Ukimweka mtoto katikati ya wawili hao unapata wa kilomita 5 aliyekosa siku 15. Niliporudi kwenye rejesta, watoto wa namna hiyo walikuwa wengi na karibu wote walimaliza. SMOTE ilikuwa imebuni walioacha katikati ya kundi la waliobaki. Walioacha wakiwa na sababu zinazotofautiana, katikati yao si mahali salama pa kubuni mtu.

Kwa hiyo nikaacha kubuni, nikachagua njia iliyoonekana safi kuliko zote: uzito. Hapa data haiguswi. Unaandika `class_weight="balanced"`, na kila kundi linapewa uzito kwa kugawa idadi yote kwa mara mbili ya idadi ya kundi hilo. Kwangu walioacha walipata 960 ÷ (2 × 48), yaani 10. Waliobaki walipata 960 ÷ (2 × 912), yaani kama 0.53. Modeli ikimkosea mtoto mmoja aliyeacha, inaumia kama imewakosea 19 waliobaki. Nikatumia regresheni ya lojistiki, ambayo humpa kila mtoto asilimia yake, nikaipitishia Kidato cha Pili cha mwaka huu. Nikachapa orodha ya majina na asilimia, nikamkabidhi mkuu wa shule. Yule binti alikuwa juu kabisa: 80.

Sasa fuatana nami taratibu. Chukua watoto 20 wa hatari ya kawaida pale shuleni: mmoja ataacha, 19 watabaki. Uzito unamhesabu yule mmoja kama 19. Sasa ni 19 kwa 19, nusu kwa nusu. Maana yake mtoto wa kawaida kabisa, mwenye hatari ya asilimia 5, modeli yangu ilimwandikia 50. Namba zote zilikuwa zimevimba, na mimi nilizichapa kama zilivyo.

Ya binti ilikuwa 80 kwa 20, yaani 4 kwa 1. Ukiondoa uvimbe, unagawa 4 kwa 19, unapata kama 0.21 kwa 1. Kwa makadirio hiyo ni asilimia 17. Watoto sita kama yeye, mmoja anaacha, watano wanamaliza. Ni hatari kubwa kuliko ya wenzake, ndiyo, na anastahili kutembelewa. Lakini baba hakuambiwa hivyo. Aliambiwa binti yake ameshaondoka, bado tarehe tu.

Kuvimba huku hakuko kwenye uzito peke yake. Ukirudufu, ukipunguza au ukibuni mpaka makundi yalingane, umeifundisha modeli dunia ambamo nusu ya watoto huacha shule. Asilimia itakazotoa ni za dunia hiyo.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Nikaifundisha regresheni ileile bila uzito, data ikiwa kama ilivyo. Asilimia zikawa ndogo, nyingi chini ya 10. Ukikata kwenye 50, hakuna anayekamatwa. Lakini nani alisema tukate kwenye 50? Mwalimu wa malezi aliniambia kwa muhula anaweza kufika nyumba 24. Kwenye wale 240 wa kujaribia nikapanga majina kutoka hatari kubwa hadi ndogo, nikakata kwenye jina la 24. Ndani yake walikuwemo 6 kati ya 12. Nikafanya vilevile kwa modeli yenye uzito: 6 pia, na orodha mbili zilitofautiana majina mawili tu. Uzito haukuwa umeniongezea macho. Ulichofanya ni kusogeza mahali pa kukatia, jambo ambalo ningeweza kulifanya kwa mkono bila kuharibu asilimia. Na kwa kuwa walioacha kwenye jaribio ni 12 tu, mtoto mmoja akihama matokeo yanayumba kwa asilimia 8, hivyo nikarudia kugawa data mara tano kabla ya kuamini chochote.

Kesho yake nilimfuata mkuu wa shule, nikamweleza kosa langu, nikaiomba ile karatasi. Orodha mpya haikuwa na asilimia, na ilikwenda kwa mwalimu wa malezi peke yake. Yule binti alibaki kwenye orodha, nafasi ya tatu. Tulikwenda kwao, tukakuta zile siku za utoro alikuwa anamuuguza bibi yake.

Baba yake alitukaribisha vizuri. Kabla hatujaondoka akaniuliza sasa ni asilimia ngapi. Nikamweleza habari ya watoto sita. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, siku ile hamkujua."

Nikamjibu, "Hatukujua, baba. Nisamehe."