Kutoka cha Juu hadi Zipu ya Mgongoni

Nilipofungua saluni Sinza, kumwelekeza mteja kwa jirani kulikuwa na malipo yake. Ukimpeleka dada kwa fundi cherehani, jioni fundi anakurushia cha juu kwa M-Pesa. Akikuletea mtu wa mekapu, nawe unamrudishia vivyo hivyo. Mimi na fundi tunayepakana naye ukuta tulianza kwa desturi hiyo, asilimia kumi ya kazi. Gauni la lesi lenye bitana la shilingi 80,000 lilinipa 8,000. Nywele na mekapu za 60,000 zilimpa yeye 6,000.

Kilichouvuruga mpango huo ni kalenda. Mwenye sendofu huenda kwa fundi mwezi mzima kabla, maana kitambaa lazima kikatwe mapema, lakini saluni huikumbuka siku chache kabla ya Jumamosi yenyewe. Karibu kila mteja wa sherehe alianzia kwake, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nalipa. Halafu kulikuwa na wale niliowasuka tangu wakiwa wasichana: wakipitia kwa fundi kupimwa, wanahesabiwa ni wateja wa nani? Na mahali palipozoea cha juu, bei hupanda polepole ili kukifidia. Mteja akishabaini kwamba amelipia njia aliyoonyeshwa, ni vigumu arudi kwa yeyote kati yenu.

Tukaacha kulipana. Sasa anayempokea mteja ndiye anayempunguzia, tena mteja mwenyewe akiona. Ni kadi ndogo yenye mhuri: ukija kwangu na mhuri wa fundi unapunguziwa 5,000, ukienda kwake na mhuri wangu unapata vilevile. Kadi ina tarehe ya mwisho na haichanganywi na punguzo jingine, kwa sababu mapunguzo mawili yakikutana kwenye kazi ndogo hubaki gharama ya dawa na umeme tu. Mwisho wa mwezi tunahesabu kadi tulizopokea, tunajua mambo yanakwendaje, na hakuna anayemdai mwenzake.

Kadi ilileta amani, lakini faida kubwa ilitoka kwingine. Mara tu fedha ilipoondoka katikati, tulianza kuzungumzia nguo. Nakumbuka dada mmoja wa bibi harusi aliyetaka gauni lenye kola ya kusimama na zipu fupi ya ubavuni. Kwa macho ya fundi lilikuwa gauni zuri. Mimi niliona kitu kingine: nguo hiyo huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na mtu aliyekwisha kupakwa mekapu na kubanwa nywele akiipitisha, poda inabaki kwenye lesi na pini zinachomoka. Akiivaa kwanza, mabega yote yatakuwa na vumbi la mekapu. Nikamwomba fundi, “Kaka, mshushie zipu mgongoni ipite kiuno, aingilie miguu.” Akabadilisha kabla hajakata. Naye akaniambia kola ingefika karibu na masikio, kwa hiyo rasta za kuachia mgongoni tulizopanga zingeificha na kuikwaruza. Tukazibana juu.

Tangu hapo, anayepimwa kwa ajili ya sherehe huulizwa kama angependa saluni ijue tarehe na mshono wake. Akikubali, anaandika namba yake mwenyewe. Hatupeani orodha za namba kimyakimya. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuomba ridhaa si suala la heshima tu, ni la sheria pia. Na nguo hujaribiwa Jumanne au Jumatano, isiwe Ijumaa usiku. Fundi akichelewa, mteja hunilaumu mimi niliyemtuma, na mimi sina sindano. Ndiyo maana kabla ya kugonga mhuri huwa namuuliza fundi ana kazi ngapi mezani. Akisema zimejaa, simpelekei mtu, hata kama mteja anasisitiza.

Ofa za pamoja nazo zilibadilika kwa sababu hiyo hiyo. Zamani tulizitangaza mimi nikikosa wateja. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, harusi zikanyauka pande zote mbili, viti vyangu vikawa wazi. Lakini fundi alikuwa amezama kwenye nguo za Idi, analala saa nane usiku. Kutangaza punguzo la kushona wakati ule kungemzamisha zaidi. Tulifanya ofa ya upande mmoja: anayechukua nguo ya Idi kwake anapata kadi ya kusuka kwangu, Jumatatu hadi Alhamisi tu, hivyo haikufanya kazi siku mbili za mwisho wa mfungo, ambazo saluni hujaa zenyewe. Yeye hakutoa shilingi, mimi nilijaza siku zilizokuwa tupu. Pasaka ilipopita na harusi zikarudi, zamu ikawa yake: kila aliyekuja kwangu kujaribu mtindo wa nywele mapema aliondoka na kadi ya fundi, angali na muda wa kushonewa.